Mahakama ilinipa 1,200,000, mwajiri akakata kodi kwenye tuzo yote

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Nina miaka 41, mama wa watoto wawili. Nilifanya kazi miaka tisa kiwandani, kitengo cha kufungasha, kwa mshahara wa 60,000 kwa mwezi. Mashine ilinibana mkono wa kulia na vidole viwili havikunji tena. Miezi minne baada ya ajali nikaachishwa kazi kwa barua ya mistari mitatu. Nilienda mahakamani, kesi ikachukua karibu miaka mitatu, nikashinda.

Jaji alinipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, 60,000. Siku za likizo nilizokuwa nadai, 40,000. Fidia ya kuachishwa kazi isivyo halali, miezi minane, 480,000. Maumivu na ulemavu, 300,000. Kupungua kwa uwezo wa kupata kipato, 200,000. Na matibabu ya baadaye, 120,000. Jumla 1,200,000.

Benki zimeingia 828,000. Nilipopiga simu nikaambiwa 372,000 ni kodi, na nikatumiwa hati ya mshahara. Mstari wa malipo uko mmoja tu: "Malimbikizo ya mshahara, 1,200,000". Chini yake kodi. Mhasibu, ambaye tulikuwa tunakula naye meza moja, anasema kila kinachotoka kwa mwajiri kwenda kwa mfanyakazi kinakatwa kodi, hata kama mahakama ndiyo imeamuru. Sasa wananitaka nisaini karatasi inayosema nimelipwa tuzo yangu yote na sina dai lingine.

Mimi naona nimeibiwa. Fidia ni fidia, inakatwaje kodi? Mkono wangu nao ni mshahara? Mume wangu anasema tushukuru kwa kilichopatikana, tulipe deni la kaka yake aliyetusaidia wakati wa kesi, tuendelee na maisha. Wakili wangu anataka malipo mapya kama tunarudi mahakamani. Sina ajira kwa sasa. Je, kodi hii ni halali? Nisaini au nisisaini?

Mimi,
Hesabu Haifungani

MAJIBU

Dada yangu, pole kwa mkono, na pole kwa miaka hiyo mitatu. Nimeisoma barua yako na kalamu mkononi, na kilichonifanya nisimame si zile 372,000. Ni yale maneno kwenye hati yako: "Malimbikizo ya mshahara".

Kabla sijaanza kujibu barua za wasomaji nilikaa miaka mingi kwenye dawati la mishahara, kwa hiyo naijua njia iliyopitiwa na pesa yako. Amri ya mahakama inafika ofisini ikiwa na jumla moja chini ya ukurasa. Mhasibu anafungua programu ya mishahara, anatafuta mahali pa kuiingiza, na programu haina mstari wa maumivu wala wa kidole kisichokunja. Ina mshahara, saa za ziada, marupurupu, malimbikizo. Anachagua malimbikizo kwa sababu ndiyo yanayofanana zaidi na pesa ya zamani inayolipwa leo. Akishachagua hapo, programu inafanya kazi yake: inachukua 1,200,000 kana kwamba ni mshahara ulioupata mwezi huu mmoja, inaipandisha hadi kwenye viwango vya juu vya kodi, na inakata. Huenda hakuna aliyekaa akaamua kwamba mkono wako ni mshahara. Mstari mmoja uliochaguliwa kwa haraka ndio uliosema hivyo.

Ndiyo maana neno "nimeibiwa" ningeliweka pembeni kwa muda. Inawezekana ni kweli, na nitakuonyesha jinsi ya kujua. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mwajiri aliyekata kodi vibaya akaipeleka serikalini, na mwajiri aliyekata akabaki nayo. Katika hali ya kwanza pesa yako iko kwa mamlaka ya kodi na inadaiwa kule. Katika hali ya pili iko kwa mwajiri. Ukilianza dai lako mlango usio wake, utazungushwa mwaka mzima.

Sasa, wewe unasema fidia ni fidia, haikatwi. Mhasibu anasema kila kitokacho kwa mwajiri ni mshahara. Ninyi wawili mmekosea kwa namna moja: kila mmoja anaichukua tuzo kama kitu kimoja. Sheria za kodi katika nchi nyingi haziangalii nani amelipa, wala haziangalii kwamba mahakama ndiyo iliyoamuru. Zinauliza pesa hii imekuja kushika nafasi ya nini. Kama imeshika nafasi ya kitu ambacho kingekatwa kodi, nayo hukatwa. Kama imeshika nafasi ya kitu ambacho hakikuwa mapato, kwa kawaida haiguswi. Na jaji wako amekusaidia sana, kwa sababu hakuandika jumla peke yake. Aliandika vipengele sita.

Tuanze na vile ambavyo nadhani utaviachia. Ile 60,000 ya notisi na 40,000 ya likizo zimeshika nafasi ya mshahara. Ungebaki kazini mwezi ule, ungelipwa 60,000 na ingekatwa kodi. Kupitia mahakamani hakuibadilishi. Ukienda kudai kwamba hata hizo zisikatwe, utampa mhasibu nafasi ya kukuonyesha kwamba hujui unachodai, na ataitumia nafasi hiyo kukataa na yale ya haki.

Upande mwingine kuna 300,000 za maumivu na ulemavu na 120,000 za matibabu. Hapa swali lako la mkono lina uzito wote. Vidole vyako havikuwa vinakuingizia mapato kwa jina la vidole. Vilikuwa sehemu ya mwili wako, na pesa iliyotolewa kwa ajili yake inajaribu kurudisha kilichopotea, haiongezi kitu. Ile ya matibabu utaitoa tena kwa daktari. Marekani, kwa mfano, sheria ya kodi inasema wazi kwamba fidia ya jeraha la mwili haihesabiwi katika mapato, na tangu mabadiliko ya 1996 imesisitiza kwamba jeraha liwe la mwili, si la hisia peke yake. Uingereza nayo huondoa kwenye kodi malipo ya mwajiri yanayotolewa kwa sababu ya jeraha au ulemavu wa mfanyakazi, ila hapo ni lazima malipo yawe yametolewa kwa sababu hiyo hasa. Mtu hawezi kuachishwa kazi, akalipwa, kisha akakumbuka kwamba aliwahi kuumia. Wewe kipengele chako kimeandikwa na jaji mwenyewe.

Ukiipiga kodi yako kwa wastani, 372,000 ni asilimia 31 ya tuzo. Asilimia 31 ya zile 420,000 ni 130,200. Hicho ndicho kipande ambacho, kwa maoni yangu, una sababu nzito zaidi ya kukidai. Na kwa kweli ni kikubwa zaidi ya hapo, kwa sababu viwango vya kodi hupanda kwa ngazi. Pesa ya mkono wako ilirundikwa juu ya nyingine zote ikazisukuma ngazi ya juu. Ukiitoa, na zile zinazobaki zinashuka.

Kipengele cha 200,000, kupungua kwa uwezo wa kupata kipato, hiki ndicho kinachowachanganya hata mawakili. Neno "kipato" lipo pale pale, na mhasibu atalishika kwa mikono miwili. Lakini kuna hukumu ya zamani ya mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, kesi ya Gourley ya 1955, ambayo imefuatwa au kujadiliwa sana katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza. Gourley alikuwa mhandisi aliyeumia katika ajali ya treni. Majaji walisema kwamba fidia ya kipato alichokosa ihesabiwe kwa kile ambacho kingebaki mkononi mwake baada ya kodi, kwa kuwa fidia yenyewe haikuwa ya kutozwa kodi. Ukiielewa hiyo utaona hatari iliyo kwenye hati yako. Kama jaji wako alikokotoa zile 200,000 kwa kuanzia mshahara uliokuwa ukiufikisha nyumbani, basi kodi ilishatolewa mara moja ndani ya hesabu yake. Mwajiri akikata tena, umetozwa mara mbili kwa kitu kimoja.

Kwa hiyo chukua hukumu, nenda kwenye kurasa ambazo jaji anaeleza jinsi alivyofika kwenye 200,000, usome polepole. Tafuta maneno "mshahara ghafi", au "mshahara halisi", au "baada ya makato". Kama ni halisi, yaani baada ya makato, piga mstari chini yake, kwa sababu aya hiyo ndiyo ushahidi wako. Kama ni ghafi, yaani kabla ya makato, dai lako kwenye kipengele hiki linapungua nguvu, ingawa halifi, kwa sababu bado ni fidia ya jeraha. Kama jaji ametaja kiasi cha jumla bila kueleza, mabishano yako yatategemea sheria ya nchi yako zaidi ya hukumu yenyewe.

Sasa tuje kwenye zile 480,000, miezi minane ya kuachishwa kazi isivyo halali. Najua hapa ndipo moyo wako unapouma, kwa sababu ndizo pesa zinazosema kwamba walikukosea. Hapa sitakuficha: katika nchi nyingi zinakatwa kodi. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 49, inaruhusu fidia isiyozidi mishahara ghafi ya miezi 12, na kifungu hicho hicho kinasema malipo hayo yatakuwa chini ya makato ya kisheria. Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inayaweka malipo ya kupoteza au kusitishiwa ajira ndani ya mapato ya ajira. Uingereza ni tofauti kidogo: pauni 30,000 za kwanza za malipo ya aina hii hazikatwi kodi ya mapato, lakini notisi inakatwa. Hukuniambia nchi yako, kwa hiyo hapa usiniegemee mimi. Fungua sheria mbili, ya ajira na ya kodi ya mapato, maana mara nyingine jibu liko kwenye ile ambayo hukuitarajia.

Lakini kukatwa ni jambo moja, na kukatwa kiasi gani ni jambo lingine. Hiki ndicho ninachotaka ukikalie, kwa sababu watu wengi wakisikia "ndiyo, inatozwa kodi" wanakunja karatasi na kwenda nyumbani.

Miezi minane ya mshahara hukuipata mwezi mmoja. Sheria nyingine za kodi zinalijua hilo. Turudi Kenya. Sheria ya Kodi ya Mapato ya huko inasema kwamba, pale mkataba usipokuwa na muda maalumu na usipotaja fidia ya kuuvunja, fidia inayolipwa huchukuliwa kana kwamba imepatikana kwa usawa katika miaka 3 inayofuata baada ya kuachishwa. Tuzichukue namba zako kana kwamba ni shilingi za Kenya. 480,000 ukizigawa kwa miezi 36 unapata kama 13,333 kwa mwezi. Kwa viwango vya 2024, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, kwa hiyo kodi ni 1,333. Na kila mkazi ana nafuu binafsi ya 2,400 kwa mwezi inayopunguza kodi hiyo. Mtu ambaye katika miezi hiyo hana kipato kingine, nafuu inaimeza kodi yote. Hati yako, ukipiga wastani ule ule wa asilimia 31, imekata 148,800 kwenye kipengele hiki.

Nimekuonyesha mfano huu ili uone umbali uliopo, si kukuahidi kwamba ndivyo itakavyokuwa kwako. Mtu mwenye kazi mpya ya mshahara mzuri angekuta hivyo vipande vya kila mwezi vinaongezwa juu ya mshahara huo, na nafuu ingekuwa imeshatumika. Mkataba uliotaja fidia una kanuni nyingine. Na nchi nyingine hazina kabisa utaratibu wa kusambaza. Swali la kuuliza, kwa mwajiri na kwa mamlaka ya kodi, ni hili: "Mmeitoza fidia hii kwa mwezi gani au miaka gani, na kwa kanuni ipi?" Likikosa jibu la maandishi, ujue walilichukulia rundo zima kama mshahara wa mwezi.

Njia za kwenda ninaziona tatu, na kila moja ina mtego wake.

Ya kwanza ni kurudi kwa mwajiri. Hapa nakuomba umwelewe mhasibu wako hata kama umemkasirikia. Sheria ya kodi inamwajibisha mwajiri: asipokata kile alichopaswa kukata, mamlaka ya kodi itamdai yeye, pamoja na adhabu na riba. Akikata kupita kiasi, anayeumia ni wewe. Ndiyo maana ukimpigia simu na kulalamika, hana sababu ya kubadili chochote. Mpe sababu. Mwandikie barua fupi, ambatisha nakala iliyothibitishwa ya hukumu, orodhesha vipengele sita na kiasi chake, na uombe vitu viwili tu: mchanganuo wa kodi iliyokatwa kwa kila kipengele, na uthibitisho kwamba kodi imewasilishwa. Mhasibu mwenye nakala ya hukumu mezani ana karatasi ya kumwonyesha mkaguzi wa kodi siku akiulizwa kwa nini kipengele fulani hakikukatwa. Hicho ndicho anachohitaji. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha hati ya namna hii baada ya kuletewa kurasa mbili za hukumu, na kabla ya hapo nilikuwa nimekataa mara tatu kwenye simu.

Mtego wake ni muda. Kama kodi imeshawasilishwa, mwajiri mara nyingi hawezi kukurudishia kutoka mfukoni, isipokuwa arekebishe taarifa yake kwa mamlaka. Atakwambia subiri. Ukisubiri bila tarehe, unaweza kupitwa na muda wa kudai kwingine.

Ya pili ni mamlaka ya kodi. Kwanza ingia kwenye akaunti yako ya mlipakodi, au nenda ofisini na kitambulisho, uangalie kama zile 372,000 zimeonekana kwa jina lako kwa mwezi ule. Hapa ndipo utajua kama neno lako "nimeibiwa" lina ukweli. Kama hazipo, mwajiri amekata na hakupeleka. Hilo ni kosa lake kisheria, na hati yako ya mshahara ni ushahidi dhidi yake, basi itunze. Kama zipo, unajaza ritani ya mwaka ukitenganisha vipengele vinavyotozwa na visivyotozwa, unaambatisha hukumu, na unaomba marejesho ya kilichozidi. Mara nyingi afisa wa kwanza atakataa, kwa sababu taarifa ya mwajiri inasema "mshahara" na yeye anaamini taarifa hiyo. Mwombe akatae kwa maandishi. Uamuzi wa maandishi ndio unaokufungulia mlango wa pingamizi, na muda wake ni mfupi: Kenya na Tanzania ni siku 30. Waliopoteza madai mazuri ninaowajua hawakushindwa kwa hoja. Waliiweka ile barua kwenye droo.

Upande wa hatari, marejesho huchukua muda mrefu, na ukiwasilisha ritani umeifungua hesabu yako yote kwa macho yao. Kama katika miaka hii mitatu uliwahi kupata kipato kingine na hukukitaja, kiweke sawa kwanza.

Ya tatu ni kurudi mahakamani, kukazia hukumu kwa kiasi kilichobaki. Hoja yake ni rahisi: amri inasema 1,200,000, zimefika 828,000, mdaiwa aeleze tofauti. Lakini kabla hujamlipa wakili hata senti, soma mstari wa mwisho wa amri. Je, umeandikwa "kiasi hiki kilipwe baada ya makato ya kisheria", au haukusema lolote? Kama maneno hayo yapo, mwajiri atayanyanyua kama ngao. Si ngao kamili, maana "makato ya kisheria" ni yale tu ambayo sheria inayaamuru, na kukata kodi kwenye maumivu kunaweza kuwa si moja ya hayo. Lakini vita inakuwa ngumu. Kama hayapo, uko mahali pazuri zaidi, ingawa mahakama inaweza kusema kwamba ugomvi wa kodi uamuliwe na vyombo vya kodi. Ukishindwa, gharama za upande wa pili zinaweza kukuangukia. Muulize wakili wako akuandikie maoni juu ya mstari huo mmoja tu, kwa ada ya ushauri wa mara moja, kabla ya kufungua maombi yoyote. Na muulize ada yake ya kesi ya kwanza ilipigwa juu ya 1,200,000 au juu ya 828,000, kwa sababu hilo nalo litaamua kiasi gani hasa kiko mezani.

Kuhusu ile karatasi ya kusaini. Sikusukumi upande wowote, lakini nataka ujue inafanya nini. Ukisaini kwamba umelipwa tuzo yote na huna dai lingine, njia ya tatu inakaribia kufungwa, na ya kwanza inadhoofika. Ya pili huenda ikabaki, kwa kuwa kodi iliyozidi ni suala lako na mamlaka. Kama unahitaji kusaini ili mambo mengine yaende, muulize wakili kuhusu maneno ya namna hii: "Nimepokea 828,000. Sikubaliani na makato ya 372,000 na nahifadhi haki yangu ya kuyapinga." Risiti ya pesa uliyopokea na tamko la kuachilia dai ni vitu viwili, na wamevibandika kwenye ukurasa mmoja. Pesa imeshaingia benki. Sioni kinachokulazimisha usaini wiki hii.

Na mume wako. Sidhani amekosea kutaka kupumzika; miaka mitatu ya kesi haikumpitia pembeni. Labda mnabishana juu ya kitu ambacho hamjakipima. Yeye akisikia "turudi", anaona korido za mahakama na ada za wakili. Wewe ukisikia "tushukuru", unaona mkono wako umeandikwa malimbikizo ya mshahara. Lakini barua kwa mwajiri na safari moja ya mamlaka ya kodi hazimgharimu wakili, na hazizuii deni la kaka yake kulipwa kutoka kwenye zile 828,000 zilizopo. Mnaweza kulipa deni, mkaweka tarehe yenu wenyewe, kama miezi sita, ya kuona njia hizi mbili zimefika wapi, halafu ndipo mzungumze kama ile ya tatu ina thamani ya nguvu mlizobaki nazo. Au mnaweza kukaa mkaona kwamba hata hizo mbili ni nyingi. Mtu aliyepoteza vidole na kazi ana haki ya kuamua hivyo pia, mradi anajua ni kiasi gani anachokiacha: kuanzia 130,200 kwa uchache, hadi karibu kodi yote iliyokatwa kama sheria ya nchi yako inasambaza fidia na kama aya ya zile 200,000 inasema "halisi".

Nitafurahi ukiniandikia tena ukishaisoma hukumu. Niandikie maneno mawili tu kama yalivyo: jinsi jaji alivyouita mshahara wako kwenye hesabu ya kipato, na mstari wa mwisho wa amri.